Omba kabla hujasaini, na siku ziandikwe

Swali la wiki: "Nimepata barua ya ofa ya kazi ya uhasibu katikati ya jiji la Mwanza. Inasema nitakuwa ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Ninaishi Sengerema na nina watoto wadogo. Naweza kuomba siku mbili za kufanyia kazi nyumbani bila kuipoteza nafasi?"

Dada yangu wa Sengerema, unaweza, na wakati wake ndio huu: ofa imeshaandikwa, saini yako bado. Mimi pia ni mhasibu. Nimeliomba jambo hili mara mbili, na mara ya kwanza niliumia.

Mara hiyo mkuu wangu mtarajiwa aliniambia kwa mdomo, "Hilo dogo, tutaelewana." Nikasaini mkataba uliosema siku tano. Kwa miezi minne nilifanyia kazi nyumbani Nyegezi kila Ijumaa. Kisha mkuu akahamishwa, aliyempokea akafungua faili langu, hakukuta neno lolote kuhusu Ijumaa, akanitaka ofisini. Sikuwa na cha kumwonyesha.

Ndiyo maana nakusihi uangalie kipengele cha mahali pa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo mahali pa kazi na saa za kazi. Yakibadilika, anatakiwa kushauriana nawe, kuyarekebisha na kukujulisha kwa maandishi. Siku za nyumbani zikiwa ndani ya kipengele hicho, bosi mpya atazikuta. Soma pia kama kuna sentensi inayomruhusu mwajiri kukupangia kituo chochote wakati wowote, maana hiyo inaweza kukurudisha kulekule.

Mara ya pili nilianza kwa simu kwa meneja ambaye ningefanya kazi chini yake, kwa sababu ndiye anayejua kazi yenyewe inataka nini. Nilimshukuru kwa ofa, nikauliza: "Siku tano ni utaratibu wa ofisi nzima, au ni kwa sababu ya nafasi hii?" Kama ni utaratibu wa wote, yeye hana mamlaka, na unamwuliza kwa heshima nani anayo. Wangu alisema mhasibu aliyepita alikuwa akiacha hati za malipo zinarundikana, wadai wanakuja getini. Hapo nikajua hofu yake ni nini, na ombi langu lote nikalijenga juu ya hofu hiyo.

Usianze na umbali wala watoto. Najua safari ya Sengerema inachosha hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, lakini mwajiri ataona kwamba makazi uliyachagua wewe. Anza na kazi. Jioni ile nilimwandikia hivi:

"Nimeipokea ofa kwa furaha na ninataka kazi hii. Naomba Jumanne na Alhamisi nifanyie kazi nyumbani: ulinganishi wa benki na ripoti za wafadhili, kazi zinazotaka utulivu. Hati za malipo na hundi nitazishughulikia ofisini siku tatu zilizobaki, na hakuna hati itakayotoka ofisini. Wiki ya kufunga hesabu za mwezi nitakuwa ofisini siku zote tano. Nyumbani nina betri ya akiba umeme ukikatika na modemu za mitandao miwili. Tukubaliane tupime baada ya miezi mitatu."

Sikuomba Ijumaa wala Jumatatu kwa makusudi. Siku hizo humfanya bosi afikiri unarefusha wikendi, hata kama utafanya kazi kutwa nzima.

Alinijibu baada ya siku mbili: miezi mitatu ya majaribio ofisini siku zote, kisha Alhamisi pekee, na Jumanne iongezwe kama malipo hayacheleweshwi. Nikakubali, ila nikaomba mkataba uandikwe upya kabla ya saini: "Mahali pa kazi ni ofisi ya Mwanza. Baada ya kipindi cha majaribio, mwajiriwa atafanyia kazi nyumbani kila Alhamisi, isipokuwa wiki ya kufunga hesabu. Badiliko litatolewa kwa maandishi, siku 30 kabla." Jumanne ilikuja mwezi wa saba, kwa barua ya nyongeza.

Kazi uliyo nayo sasa, usiiache mpaka mkataba mpya umesainiwa na pande zote mbili. Ukiuliza kama swali, bila kutishia kuikataa ofa, mara nyingi mwajiri atasema ndiyo, hapana, au siku moja. Ni nadra kuiondoa ofa, ingawa hutokea, hasa nafasi ikiwa ya dharura au wewe ukirudi na ombi jipya kila siku. Kwa hiyo leta ombi moja, mara moja. Na kabla ya kupiga simu, kaa na mwenzi wako mhesabu nauli ya siku tano na malipo ya dada wa kulea watoto, mtoe humo kwenye mshahara. Kinachobaki ndicho kitakachokuambia kama utasaini hata wakisema hapana.

Msomaji, Nyegezi