Urefu wa mtu kutoka kwenye kamera ya ulinzi

"Kapita mbele ya mlango wa mita 2. Nikilinganisha kichwa chake na fremu, si napata urefu wake?"

Hapana, labda awe amesimama ndani ya fremu yenyewe. Chukua kamera iliyofungwa mita 3 juu, mita 6 kutoka mlangoni. Mtu wa sentimita 175 akiwa mita 1 mbele ya mlango, utosi wake utaangukia sentimita 150 ya fremu. Kamera inatazama kutoka juu, ndiyo maana 25 zimepotea.

Rudi eneo la tukio kabla kamera haijaguswa. Simamisha fimbo ya vipimo wima pale pale alipokanyaga, ipige kwa kamera ile ile, kisha pandanisha picha hiyo na ile ya mtu. Chagua picha ambayo mguu mmoja unaupita mwingine. Hatua ikitanuka, kichwa hushuka sentimita kadhaa.

— Na viatu toa 3, basi.

Viatu vina urefu, kweli, lakini hiyo 3 umeitoa wapi? Kama soli haionekani, andika kwamba kipimo ni pamoja na viatu, na utaje urefu wa chini na wa juu anaoweza kuwa nao, si namba moja. Akiwa na kofia, hata utosi unaukisia tu.