Mishipa imenituna miguuni, mama mkwe anataka kunikanda

*Shangazi, mimi ni msusi, nina mimba ya miezi saba. Mishipa ya kijani imetuna kuanzia nyuma ya goti la kushoto mpaka karibu na kifundo. Ikifika jioni miguu inakuwa mizito na inauma hadi usingizi unanipaa. Mama mkwe anataka kunikanda kwa maji ya moto. Nikubali?*

Mwanangu, mkatalie kwa adabu. Maji ya moto huitanua mishipa, na yako imeshatanuka vya kutosha. Akitaka kukusaidia, akupake mafuta akikupapasa polepole kutoka kifundoni kwenda juu, bila kuibonyeza ile iliyotuna.

Homoni za mimba zimelegeza kuta za mishipa, damu mwilini imeongezeka karibu nusu, na tumbo linaukandamiza mshipa mkubwa unaoirudisha damu kwenye moyo. Kwa hiyo damu inatuama miguuni. Kinachoisukuma ipande ni kigimbi, kila unapopiga hatua. Sasa wewe unasimama palepale nyuma ya kichwa cha mteja saa nzima, kigimbi kimelala. Ndiyo maana anayetembea kwenda sokoni anaumia kidogo kuliko wewe.

Mteja akae chini kwenye mkeka, wewe kaa kwenye kiti. Ukilazimika kusimama, nyanyua visigino na kuvishusha mara 20 kila ukimaliza mistari michache. Mchana lala dakika 15, ubavu wa kushoto, miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo. Kuiweka kwenye kigoda tu hakutoshi.

Kinachosaidia zaidi ni soksi za kubana zinazouzwa maduka makubwa ya dawa. Pimwa mguu asubuhi kabla haujavimba, kifundoni na kwenye kigimbi. Zivae kitandani kabla hujakanyaga chini. Ukiwa umeshaamka, rudi ulale miguu juu kwa robo saa kwanza. Igeuze soksi ndani nje hadi kisiginoni, ingiza vidole, halafu ipandishe kidogo kidogo bila mikunjo. Usiikunje juu kama ya shule, maana pindo hilo litaukaba mguu. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, ivue. Usiku hulali nayo.

Mishipa hii kwa kawaida hunywea miezi mitatu minne baada ya kujifungua, kwa hiyo sindano au upasuaji usubiri.

Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla kuliko mwenzake, ukawa wa moto na kigimbi kinauma, huenda damu imeganda ndani. Hapo asiukande mtu yeyote, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje hata saa moja. Uso na mikono vikivimba, kichwa kikigonga au macho yakiona vimulimuli, nenda pia haraka, wapime presha na mkojo. Na mshipa ukipasuka ukatoa damu, lala, inua mguu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha nenda kituo cha afya.