Maswali na majibu: kuitumia kazi yako ya kozi ndani ya tasnifu

Insha niliiandika mwenyewe, kwa jasho langu. Mtu anajiibiaje?

Neno "kujiibia" linawachanganya wengi. Hapa hakuna aliyenyang'anywa sentensi zake. Kosa ni kumwacha mtahini aamini kuwa anasoma kazi mpya, kumbe imeshasahihishwa na kupewa alama katika kozi nyingine. Fungua ukurasa wa tamko, ule unaoutia saini mwanzoni mwa tasnifu. Kwa kawaida unasema kwamba kazi hii ni yako halisi na kwamba haijapata kuwasilishwa kwa ajili ya shahada yoyote. Ukihamisha kurasa nne za insha ya kozi bila kusema neno, saini yako imethibitisha jambo lisilo kweli.

Kujenga tasnifu juu ya kazi yako ya darasani si haramu. Mwongozo wa APA, toleo la 7, unakubali kwamba jambo hilo linaweza kuruhusiwa, mradi uzungumze kwanza na mwalimu au msimamizi na urejelee ulikochukua. Kanuni za chuo chako ndizo zenye neno la mwisho, kwa hiyo zisome kabla ya kuutegemea mwongozo wowote.

Nina kazi ya kozi ya kurasa 12 kuhusu makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za kidato cha pili. Tasnifu yangu ya uzamili ni mada hiyohiyo. Naanzia wapi kuihamisha?

Anzia kwa msimamizi, kabla hujanakili hata aya moja. Mwandikie barua pepe fupi yenye jina la kozi, mwaka, sehemu unazotaka kuzitumia na sura zitakakoingia. Ambatanisha kazi nzima, si vipande ulivyovichagua. Jibu lake litunze. Wasimamizi hubadilika, na ruhusa iliyotolewa kwa mdomo koridoni haina mashiko mbele ya mtahini wa nje.

Kisha chapa kazi hiyo kwenye karatasi na uipitie kwa kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza ni kwa aya zitakazobaki karibu kama zilivyo. Ya pili ni kwa zile utakazoziandika upya. Ya tatu ni kwa mahali ambapo unachukua wazo au matokeo tu. Tuseme umepata aya mbili za rangi ya kwanza, tano za pili na moja ya tatu. Kila rangi ina namna yake.

Zile aya mbili zitangulizwe na maelezo ya wazi. Ukurasa wa tamko mara nyingi una maneno yaliyopangwa na chuo na huruhusiwi kuyagusa, kwa hiyo maelezo yawekwe kwenye tanbihi mwanzoni mwa sehemu yenyewe, namna hii:

"Sehemu ya 2.3 imetokana na kazi ya kozi niliyoiwasilisha mwaka 2023 katika kozi ya Sintaksia ya Kiswahili, katika masomo ya shahada hii hii. Aya ya pili na ya tatu zimebaki karibu kama zilivyokuwa. Nyingine zimeandikwa upya na kuongezewa tafiti za baadaye."

Ukifuata APA, maneno yako mwenyewe hayawekwi ndani ya alama za kunukuu wala hayasogezwi ndani kama nukuu ndefu. Maelezo na rejeleo vinatosha. Aya tano za rangi ya pili zinaguswa na tanbihi hiyohiyo, ila mwishoni mwa hoja iliyotoka kwenye kazi ya zamani weka jina lako na mwaka ndani ya mabano. Ile ya rangi ya tatu iandike kama unavyorejelea utafiti wa mtu mwingine: "Katika uchunguzi wa awali wa insha 20, ilibainika kuwa kosa hutokea zaidi pale kiima kinapokuwa mbali na kitenzi, kama katika *gari la mjomba aliyetoka Dodoma imeharibika* (Jina la Ukoo, 2023)." Kwenye orodha ya marejeleo itaonekana hivi:

Jina la Ukoo, H. (2023). *Makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za kidato cha pili* [Kazi ya kozi isiyochapishwa]. Idara ya Kiswahili, jina la chuo.

Sasa angalia panapoharibika zaidi. Katika insha yako ya 2023 ulieleza maana ya upatanisho kwa kumrejelea mwanaisimu fulani. Unapohamisha aya hiyo kwenye tasnifu, ni rahisi kuandika jina lako peke yake mwishoni, na yule mwanaisimu akapotea. Hapo umetoka kwenye kosa dogo ukaingia kwenye kosa kubwa, maana fasili yake imegeuka kuwa yako. Pitia kila sentensi ya zamani ujiulize wazo ni la nani. Fasili ibaki na mwenyewe, na ukafungue tena kitabu chake uhakiki ukurasa, badala ya kuuamini ulioandika ukiwa na haraka ya kukusanya kazi. Jina lako liende kwenye kile tu ulichokifanya wewe, yaani namna ulivyoyapanga makosa na hesabu yake.

Ripoti ya Turnitin imetoa asilimia 31, na sehemu kubwa ni kazi yangu mwenyewe. Nibadilishe maneno ishuke?

Turnitin hulinganisha maandishi yako na yaliyomo kwenye hazina yake, kwa hiyo usibadilishe kitu kabla hujajua asilimia hiyo ya ufanano imetoka wapi. Fungua orodha ya vyanzo uone kila kimoja kimechangia kiasi gani. Kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa kwenye hazina huonekana na maneno `Submitted to`, yakifuatiwa na jina la chuo. Tuseme tasnifu ina maneno 18,000. Asilimia 31 ni kama maneno 5,580. Ikiwa kazi yako ya kozi imebeba 12 kati ya hizo, ni maneno 2,160, sawa na kurasa saba au nane. Kwa aya mbili ulizosema zitabaki kama zilivyo, hiyo ni nyingi mno, na maana yake zile tano hukuziandika upya kweli. Rudi ukazifanyie kazi. Asilimia 19 zilizosalia nazo zina maelezo yake, na huenda ndiko liliko tatizo halisi.

Kubadilisha maneno ili asilimia ishuke hakuondoi kosa. Mtu akigeuza "wanafunzi" kuwa "wanagenzi" na "makosa" kuwa "dosari", muundo wa aya, mifano na hoja vimebaki vilevile na rejeleo bado halipo. Mtahini aliyesahihisha insha ile ataitambua. Wapo pia wanaoingiza herufi za alfabeti nyingine zinazofanana na zetu au maandishi meupe yasiyoonekana. Programu hiyo huyaonyesha mambo hayo kama ishara za hatari, na hapo kesi inageuka kuwa ya udanganyifu wa makusudi.

Ukishaweka tanbihi na marejeleo, mwombe msimamizi akiondoe chanzo hicho kwenye hesabu na atoe ripoti ya pili. Wasilisha zote mbili pamoja na barua pepe ya ruhusa. Ombi la kuifuta kabisa insha ya zamani kutoka kwenye hazina hupitia kwa msimamizi wa mfumo chuoni, na kwa jambo hili halina haja.

Zile insha 20 nilizokusanya kwenye kozi, naweza kuziunganisha na 60 za sasa ziwe 80?

Hapa tunakusihi usifanye hivyo, hata kama ungerejelea vizuri namna gani.

Kwanza ni suala la kibali. Insha zile zilikusanywa kwa zoezi la darasani, huenda kwa idhini ya mwalimu tu. Tasnifu ina barua zake: Kenya kuna leseni ya NACOSTI, Tanzania kuna barua ya chuo inayopelekwa kwa uongozi wa mkoa au halmashauri. Barua hizo zina tarehe, na mtahini akiona data imekusanywa kabla ya kibali atauliza.

La pili linahusu matokeo yenyewe. Wazo kwamba umbali wa kiima na kitenzi husababisha kosa ulilipata kwenye insha zile 20. Ukizihesabu tena kama ushahidi wa wazo hilo, unapima kitu kwa kipimo ulichokikata kutoka kwenye kitu chenyewe. Chukua mfano. Insha 20 zilikuwa na makosa 46, na 31 kati yake ni ya kiima kilicho mbali, yaani asilimia 67. Insha 60 mpya zina makosa 150, na 72 ni ya aina hiyo, asilimia 48. Ukijumlisha unapata 103 kati ya 196, asilimia 53. Kwenye data mpya aina hiyo haifiki nusu ya makosa, lakini ukichanganya inavuka nusu. Hitimisho lako limegeuzwa na data ya zamani.

Zieleze zile 20 kama utafiti wa majaribio, katika aya yake ndani ya sura ya tatu, pamoja na rejeleo. Seti mpya ichambuliwe peke yake katika sura ya nne.

Kazi yenyewe tulifanya wanafunzi watano. Inakuwaje?

Rejeleo litataja wote watano kwenye orodha, na ndani ya matini utaandika jina la kwanza "na wenzake". Chukua sehemu uliyoiandika wewe tu, na upate ridhaa ya wenzako kwa maandishi. Uliza pia kama kuna mwingine anayeitumia kazi hiyohiyo. Tasnifu mbili za idara moja zenye aya moja huwaingiza wote wawili matatani, hata yule aliyeandika aya hiyo.

Je, pendekezo la utafiti nalo nilirejelee?

Hapana. Pendekezo ni hatua ya tasnifu hiyohiyo, na sura tatu za kwanza hutarajiwa kutoka humo. Hangaika na njeo. "Mtafiti atakusanya data" lazima iwe "alikusanya", na idadi ziwe za kilichofanyika, si za kilichopangwa. Tafuta kwenye faili `ata` na `ita` moja baada ya nyingine. Na kama pendekezo limo kwenye Turnitin, chanzo hicho nacho kiondolewe kwenye hesabu.

Kazi ya kozi niliichapisha jaridani. Je, kuna tofauti?

Ipo. Sasa unarejelea makala iliyochapishwa, si kazi ya kozi, na huenda ulimwachia mchapishaji hakimiliki. Soma fomu uliyoitia saini. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuitumia makala yake ndani ya tasnifu, na kama ina leseni ya `CC BY` unachodaiwa ni kutaja chanzo na leseni, na kuonyesha kama umebadilisha kitu. Fomu ikiwa kimya, mwandikie mhariri na uweke jibu lake kwenye kiambatisho. Kama majina ni mawili kwenye makala, eleza kwenye tanbihi nani aliandika nini.