Toa betri za rimoti kabla hujampa fundi hela

"Wakuu, TV yangu inajiwasha yenyewe usiku, mara saa nane, mara saa tisa na kitu. Fundi anasema bodi kubwa imekufa, kesho nampelekea abadilishe. Niko sahihi?"

Mkuu, usiipeleke. Usitoe hata hela ya kushikia kazi.

Leo usiku toa betri za rimoti, zote, uziweke mezani. Zima TV kwa kitufe chake yenyewe, kile kilichojificha chini ya fremu au nyuma kwenye kona. Kisha lala. Fanya hivyo usiku kadhaa mfululizo. Isipowaka, mchawi umemshika na bodi yako ni nzima kabisa.

Nakuambia kwa ukali kwa sababu mimi niliambiwa maneno hayo hayo, "bodi imekufa," na nikaitikia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hebu fikiria kidogo: bodi iliyokufa inapata wapi akili ya kuamka, kuunganisha mtandao na kufungua programu ya filamu moja kwa moja? Maana yangu ndivyo ilivyokuwa ikifanya. Haikuwaka kwenye chaneli ya mwisho, iliwaka ikiwa ndani ya programu ileile ya filamu, kila mara. Fundi nilimwambia. Akasema "ndiyo dalili yenyewe." Ningemwambia inapika ugali angesema ndiyo dalili yenyewe.

Sasa sikiliza palipoliwa hela. TV ilikaa kwake siku nyingi, na haikujiwasha hata mara moja. Akabadilisha bodi, bado haikujiwasha. Akanipigia simu kwa furaha: umeona, imepona. Nikalipa. Usiku wa kwanza nyumbani, ikawaka. Hakuna aliyejiuliza, si yeye wala mimi mwenye shahada, kwa nini ilikuwa imetulia dukani hata kabla bodi haijaguswa. Jibu ni kwamba rimoti yangu ilibaki nyumbani kwenye kochi! Yeye alikuwa akitumia rimoti ya kwake ya dukani. Alitibu mgonjwa huku ugonjwa ukiwa umelala kwangu.

Nilipomrudia akaniambia sasa itakuwa pawa saplai. Hapo ndipo nilipoanza kuchoka.

Na usidhani bodi mpya inakuja bila matatizo. Bodi kubwa lazima ilingane na kioo chako, siyo jina la TV tu. Ikiwekwa yenye mipangilio ya kioo kingine, picha inaweza kuja juu chini au rangi zikavurugika. Yangu ilikuja na bodi iliyotumika, programu zangu zote zimefutika, akaunti zote naingia upya kwa kuchagua herufi mojamoja kwa mishale. Adhabu tosha.

Ukweli ulijitokeza wenyewe. Betri za rimoti ziliisha, na TV ikalala kimya. Nikaweka mpya, ikaanza tena. Kumbuka pia kwamba betri kuisha haraka bila sababu ni dalili, kwa sababu rimoti yenye kitufe kilichonasa inatuma ishara muda ambao hakuna mtu anayeigusa.

Kulithibitisha ni rahisi. Fungua kamera ya simu, ya selfi ndiyo bora kwa sababu nyingi hazina kichujio kikali cha mwanga huu, kisha ielekeze kwenye kibalbu cha mbele ya rimoti. Kwanza bonyeza kitufe chochote: utaona mwanga mweupe au wa zambarau ukipepesa, ambao kwa macho hauonekani. Sasa umejua kamera yako inaona. Iache rimoti mezani bila kuigusa, endelea kuangalia. Yangu ilipepesa yenyewe, ikatulia, ikapepesa tena. Na rimoti haihitaji kuelekea kwenye TV, mwanga ule unagonga dari na ukuta na kufika. Kama kibalbu hakionyeshi kitu, usishangilie bado: rimoti nyingi za sasa zinatuma vitufe vingi kwa bluutuuthi, kamera haiwezi kuona hilo. Ndiyo maana nang'ang'ania betri. Kutoa betri kunazima vyote viwili.

Nilipoifungua kwa kadi ya plastiki nikipita pembeni polepole, nilikuta chai ya maziwa yenye sukari imekauka chini ya kitufe cha programu ile ya filamu. Chini ya kila kitufe cha mpira kuna kidonge cheusi cha kaboni, ukibonyeza kinaunganisha njia mbili kwenye bodi ndogo. Uchafu ule wa sukari ukivuta unyevu unaunganisha njia zilezile bila kidole. Hewa ya usiku ikipoa na kulowa, basi. Na TV nyingi haziamshwi na kitufe cha kuwasha peke yake, kitufe cha programu au hata namba na chaneli vinaziamsha pia.

Usafi wake: mpira osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke kabisa. Bodi ndogo futa kwa spiriti na pamba. Vile vidonge vyeusi usivikwangue kwa kisu wala msasa, ukivimaliza kitufe hakitafanya kazi tena.

Ikiwaka hata bila betri, ndipo uangalie mengine, kimoja kwa usiku mmoja, na kabla hujaizima soma kioo kinaonyesha nini. Ikiwaka kwenye king'amuzi, ni king'amuzi kimeamka kujisasisha na kuiamsha TV kupitia waya wa HDMI. Zima hiyo huduma kwenye mipangilio; kwa Samsung inaitwa Anynet+ (HDMI-CEC), kwa LG SIMPLINK. Ikiwaka dakika ileile kila usiku, ni taima. Hapo nina mashaka na mtu aliyetaka habari za saa mbili asubuhi akaandika 02:00, TV ikatii saa nane usiku. Ikiwaka bila mpangilio, zima ruhusa ya kuamshwa kwa mtandao, Samsung wanaiita Power On with Mobile, maana simu yoyote iliyo kwenye waifai yako inaweza kuibonyeza kwa bahati mbaya. Ikiwaka umeme unaporudi baada ya kukatika, huo ni mpangilio tu, upo kwenye menyu.

Bodi uifikirie mwisho kabisa: betri zimetolewa, waya zote za HDMI zimechomolewa, mtandao umezimwa, na bado inajiwasha, au inaonyesha nembo inazima inaonyesha tena. Hapo nenda kwa fundi. Lakini nenda na rimoti yako yenye betri ndani, uiache pamoja na TV, na mwambie aijaribu nayo hiyo kabla hajashika bisibisi.

Na akibadilisha chochote, dai ile bodi ya zamani mkononi mwako. Yangu alibaki nayo, nzima, na sitashangaa ikiwa sasa hivi inawekwa kwenye TV ya mtu mwingine aliyemwagia rimoti soda.