Zima huo mkopo wa laini kabla mshahara haujaingia

Swali: "Wakuu habari zenu. Nimeanza kazi Arusha, mkononi nitakuwa napata 620,000 na inaingia benki. Nataka bajeti ile ya kila shilingi kupewa kazi mpaka ibaki sifuri. Nina laini tatu za mitandao tofauti, ya bili, ya akiba na ya matumizi. Mpango wangu mshahara wote niuhamishie laini ya matumizi, halafu ndo nigawe. Hiyo laini nimeshaiwashia huduma ya kuongezewa salio ili nikiishiwa kabla ya tarehe nisikwame. Naomba mgawanyo, apu nzuri ya kurekodi, na akiba niweke M-Koba au UTT?"

Mkuu simama hapohapo, apu baadae. Umewasha mkopo wa salio kwenye laini ambayo mshahara wote unapita, na unauita mpango! Mimi hapa Moshi nilifanya hivyohivyo, neno kwa neno, na bahasha iliyoliwa ni ya kodi ya nyumba, si ya bia, maana ya bia huwa inajilinda yenyewe.

Ile huduma inavyofanya kazi ni hivi. Unalipia kitu cha elfu kumi, una elfu saba, mtandao unakujazia elfu tatu iliyobaki na muamala unapita kama kawaida. Ya kwangu ilikuwa na ada ya kuikopa na ada nyingine ya kila siku ambayo hujalipa. Halafu pesa yoyote itakayoingia kwenye hiyo laini, iwe mshahara, iwe shangazi amekutumia ya nauli ya msiba, wao wanachukua chao kwanza, kinachobaki ndo chako. Hawakuulizi. Meseji inakuja ndefu, salio jipya liko mwishoni kabisa, na siku ya mshahara nani anasoma meseji hadi mwisho.

Sasa angalia ilivyonila. Nilikuwa na chumba Pasua cha 70,000 kwa mwezi, baba mwenye nyumba anachukua ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo 420,000. Kwenye daftari langu kila mwezi kulikuwa na mstari "kodi 70,000" na alama ya vema pembeni, safi kabisa, ungeniona ungesema huyu kijana ataajiriwa hazina. Mwezi wa kwanza matumizi yakaisha tarehe ishirini na kitu, laini ikaniongezea kama elfu kumi na tano, mshahara ukaingia ikakatwa hiyo pamoja na ada kidogo. Ada yenyewe ilikuwa haifiki hata chipsi yai, nikasema mbona poa tu.

Ila ile elfu kumi na saba kasoro iliyokatwa ilitoka wapi? Wakati wa kugawa, LUKU haisubiri, nauli haisubiri, mama kule kijijini hasubiri. Kitu pekee ambacho hakuna mtu anakidai mwezi huo ni kodi ya miezi sita ijayo. Basi kodi ikapelekewa hamsini na tatu badala ya sabini, mimi nikajiambia mwezi ujao nitafidia, na daftarini nikaweka vema kwenye 70,000 kwa sababu ndo ilivyopangwa. Mwezi uliofuata nikakopa zaidi kidogo, maana ukilipa vizuri wanakupandishia kiwango na meseji ya hongera juu, nikajiona mtu wa maana kweli. Kodi ikapungua elfu ishirini, halafu ishirini na tano, ikawa inashuka hivyo.

Baba mwenye nyumba alipokuja, laini niliyokuwa natunzia kodi ilikuwa na 265,000. Pungufu 155,000. Nikaenda kausha damu, nikachukua 160,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, nikamwachia kadi ya benki (ndiyo, najua, tulieni). Mwezi wa kwanza nikashindwa kurudisha yote nikalipa riba tu, 48,000, wa pili nikalipa riba nyingine 48,000 na deni lenyewe. 96,000 imeenda bure, hiyo ni zaidi ya kodi ya mwezi mzima, na bado zile ada za laini sijazihesabu.

Na hapa ndo watu wengi hawaelewi, ada haikuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba bajeti ya sifuri inagawa pesa iliyopo mkononi, sasa ule mkopo unakuletea pesa ya mwezi ujao ndani ya mwezi huu bila kuitambulisha. Ningekuwa sijauwasha, ile tarehe ishirini na kitu ningepata "salio lako halitoshi", ningekereka, ningetembea kwa miguu siku mbili na kula makande ya jirani, yakaisha. Ile meseji ya kukataliwa ndo ukuta wa bajeti yote, na wewe unalipia ada ili ubomolewe.

Aliyeniingiza ni kaka mmoja wa mwamvuli pale stendi, anasajili laini. "Bro washa hii, ni kama akiba ya dharura, bure kabisa." Akiba ya dharura ya nani! Kamisheni yake aliila palepale. Na kuna mwingine ofisini, mtu mzima na heshima zake, akaniambia na yeye anayo miaka yote haijamletea shida. Kumbe ana duka la mkewe linaingiza hela kila siku, kwa hiyo deni lake linalala usiku mmoja. Sisi wa mshahara mmoja kwa mwezi deni linalala wiki nzima na ada inatembea. Hilo hakunieleza, na mimi sikuuliza, tuyaache.

Kwa hiyo kabla ya tarehe ya mshahara: lipa unachodaiwa hadi kiishe, ingia kwenye menyu ya huduma za kifedha ya huo mtandao utafute pa kujiondoa, ukikosa piga 100 uwaambie wakutoe. Usiamini meseji ya "ombi lako limepokelewa". Acha salio la mia tano kwenye laini ujaribu kununua LUKU ya elfu moja. Ikikataa umepona. Ikipita bado uko ndani, rudi kwenye simu. Fanya jaribio hilo kwenye laini zote tatu, maana kuna watu wamewashiwa bila hata kukumbuka. Na piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, isije kuwa kuna laini ya zamani uliyoisahau.

Pili, usipitishe mshahara kwenye laini moja ndo ugawe. Toka benki moja kwa moja kwenda kila laini. Ukipeleka zote kwenye ya matumizi halafu uanze kurusha kwenda mitandao mingine unakatwa mara mbili, na zaidi ya hapo pesa ikishakaa kwenye laini ya matumizi jioni ya mshahara, mkuu, wewe ni binadamu na Arusha ina nyama choma.

Mgawanyo ulioomba, kwa 620,000 na nikikadiria una chumba cha 80,000: laini ya bili ipelekee 201,000. Humo kuna kodi 80,000, umeme 15,000, maji na taka 10,000, gesi ya mtungi mdogo 24,000, nyumbani kwa wazazi 60,000, na makato ya miamala 12,000. Akiba 100,000. Inayobaki, 319,000, ndo matumizi: chakula 180,000, nauli 40,000, bando 25,000, michango 30,000 (utaajiriwa leo, kesho uko kwenye kamati ya harusi tatu), na 44,000 ni yako usiulizwe. Jumlisha, inatoka 620,000 kamili. Sifuri maana yake hakuna shilingi isiyo na kazi, si kwamba laini zibaki tupu. Ile ya bili inatakiwa kunenepa kila mwezi kwa 80,000 ya kodi, na hapo ndo pa kujipima. Mwezi wa tatu, bili zote zikishalipwa, usipoona 240,000 humo kuna kitu kinavuja, haijalishi daftari linasema nini. Andika kile kilichoko kwenye meseji ya salio, usiandike ulichopanga. Hilo daftari langu lenye vema ningekuwa nalo bado ningelipiga picha mlione.

Hiyo 12,000 ya makato usiicheke. Ukimtumia baba mwenye nyumba atakwambia "weka na ya kutolea", mama naye "na ya kutolea mwanangu", na makato yanaenda kwa madaraja, kwa hiyo kutoa elfu tano tano kwa wakala mara nne ni ghali kuliko kutoa elfu ishirini mara moja. Mimi natoa ya sokoni ya wiki nzima Jumamosi kwa mkupuo.

Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi pia, usijenge maisha juu ya hiyo 620,000. Makato yao ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi na mara nyingi mwezi wa kwanza hayaonekani kwenye hati ya mshahara, yanakuja baadae. Uliza mhasibu sasa hivi.

Halafu kama umeshaikopa hiyo huduma mwezi huu, na nahisi umeshaikopa maana hakuna mtu anaiwasha aiangalie, deni lote litoke kwenye 319,000 ya matumizi. Tuseme ni elfu thelathini, basi matumizi ni 289,000, anza na ile 44,000 yako, ibaki 14,000. Kodi iende 80,000 yake kamili na iende ya kwanza kabisa, asubuhi ya mshahara, kabla hata ya chai.