Nzi mchana, panya usiku: pipa la taka la mgahawa

"Nina mgahawa mdogo Makorora, pipa la taka liko uani. Nimeweka sumu mara mbili, panya wamerudi, na nzi ndio usiseme. Nina watoto na paka, sitaki sumu tena. Nifanyeje?"

Dada yangu, anza kwa kulisogeza hilo pipa uangalie chini yake. Mimi nauza chakula Ngamiani, na mwaka mzima nilipambana na nzi huku pipa nikilimwaga mara moja kwa wiki, siku gari la taka linapopita. Siku nilipolisogeza nikakwangua udongo, nikakuta vijipunje vya kahawia kama mchele uliobabuka, mamia kwa mamia. Funza akikomaa huikimbia taka mbichi, hutafuta pakavu ajigeuze. Wale walikuwa nzi wangu wa wiki inayofuata.

Kwa joto letu la pwani, yai huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, na funza huanza kuhama kabla ya hapo. Ukingoja gari la wiki umeshachelewa. Nikamlipa kijana wa mkokoteni awe anapeleka taka kizimbani kila baada ya siku mbili. Pipa likitoka kumwagwa tunalisugua na sabuni, hasa ule uji wa chini, kisha tunalifudikiza juani likauke. Mahali pake nikamwaga zege. Matumbo ya samaki hayaingii humo kabisa. Yana ndoo yake yenye mfuniko wa kubana, na huondoka jioni ileile.

Panya nao walikuwa wanakula hapohapo. Jioni ziba kila shimo uani kwa gazeti lililokunjwa. Asubuhi lililozibuliwa ndilo lenye wenyewe. Kwangu yalikuwa matatu kati ya manane, yote nyuma ya karo.

Tega mitego ya kubana, lakini kwa subira. Panya buku hukiogopa kitu kigeni. Usiku tatu za mwanzo niliweka dagaa mkavu kwenye mitego bila kuitega, wakazoea kula. Usiku wa nne nikaitega sita, nikapata wanne. Mtego ukae upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hupita akijisugua ukutani. Ukiuweka katikati ya ua utamnasa kuku wa jirani. Funika kwa kreti ili paka asifike. Mizoga ishike kwa glavu.

Usiku mbili zikipita bila kunasa na gazeti halijaguswa, ndipo uzibe kwa kokoto na simenti. Ukiziba mapema watachimba pembeni. Mlango wa stoo nao, ukipitisha kidole gumba kwa chini, panya mchanga anapita, nilipigilia bati.

Wakirudi, mimi huangalia kwanza mfuniko. Wasaidizi huuacha wazi usiku kwa sababu pipa limefurika, na dawa yake ilikuwa pipa la pili.