Mabamba ya dunia: yanateleza, yanagongana au yanaachana?

"Ninafundisha jiografia sekondari hapa Goma. Naweka vipande viwili vya katoni juu ya meza, navisogeza, nasema 'mabamba yanateleza'. Wanafunzi wanaandika: 'Mabamba yanagongana na tetemeko inaletaka volkano.' Ni vitenzi gani vinafaa?"

Mwalimu, kwa Goma na Bukavu kitenzi ni kuachana, au kutengana ukipenda. Milima ya Masisi iko upande wa bamba kubwa la Nubia, na ng'ambo ya Ziwa Kivu, Rwanda iko upande wa bamba dogo la Viktoria. Yanaachana kwa milimeta chache tu kwa mwaka. Kugongana kunafaa Himalaya, ambako India inaisukuma Asia. Kwetu kunampoteza mwanafunzi, kwa sababu atatafuta mikunjo mahali penye ufa. Basi sogeza katoni zako ziachane, na kabla ya hapo tandaza unga mkavu, unene wa kidole, juu ya mahali zinapokutana. Unga utapasuka kwa mistari inayofuata ule mpaka, kisha sehemu ya kati itazama. Hilo ndilo bonde la ufa, na Ziwa Kivu limekaa ndani yake.

Kuteleza kuna tatizo jingine. Anayesikia neno hilo anafikiria sabuni kwenye sakafu yenye maji: mwendo laini, usiosimama. Miamba haiendi hivyo. Kwenye nyufa zake imeng'ang'aniana, na huku mabamba yanaendelea kuvuta, yenyewe inajikunja kidogo kidogo bila kuachia. Kwa hiyo sema kwanza kukwama, halafu kuchomoka. Gundisha msasa juu ya katoni moja na chini ya nyingine, zilaze moja juu ya nyingine, weka jiwe dogo juu, kisha vuta ile ya juu kwa mpira wa kufungia noti. Mpira utarefuka huku katoni imetulia, halafu itaruka ghafla. Tetemeko ni kule kuruka. Kurefuka kwa mpira ni ile miaka mingi ya kimya. Tuseme mabamba yanaachana milimeta 2 kwa mwaka na ufa umekwama miaka 50: umejiwekea sentimita 10 za mwendo, na zinaweza kutoka kwa sekunde chache. Mwanafunzi akiuliza kwa nini hatuhisi dunia ikitembea kila siku, mwonyeshe ule mpira.

Kitenzi ninachokiogopa zaidi ni kuelea. "Mabamba yanaelea juu ya bahari ya moto" ni sentensi tamu, na katoni juu ya beseni la maji zinaipa nguvu, lakini chini ya mabamba hakuna bahari. Kuna mwamba mgumu, wa moto sana, unaojongea polepole mno. Unayeyuka sehemu ndogo tu, na hapa kwetu sababu ni ule ule mvuto: ganda la dunia likivutwa linakuwa jembamba, uzito juu ya mwamba wa chini unapungua, na mwamba uliokuwa umebanwa unapata nafasi ya kuyeyuka. Hapo ndipo magma inapotoka. Katoni haiwezi kuonyesha jambo hili. Liseme kwa mdomo.

Sasa "inaletaka". Kiambishi cha -aka hapa kwetu, sawa na hu- ya Kiswahili sanifu, kinatangaza desturi: kila mara, ndivyo ilivyo. Desturi hiyo haipo. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba Bukavu na Rusizi, wala halikuhitaji volkano. Ni nyufa za bonde zilizochomoka. Mwaka 2021 mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nyiragongo ililipuka Mei 22, lava ikafika ukingoni mwa Goma, halafu ardhi ikatetemeka siku nyingi, na Mei 27 watu wakaamriwa kuhama. Magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani, ikipasua mwamba, na kila pasuko likawa tetemeko. Mwaka huo, basi, mwendo wa magma ndio ulioleta matetemeko.

Kwa daftari la wanafunzi ningeandika hivi: "Mabamba yanapoachana, miamba hukwama kisha huchomoka, ndilo tetemeko, mwamba wa chini huyeyuka na magma hupanda, ndiyo volkano." Hu- hapa imekaa mahali pake, kwa kuwa inaeleza namna mambo yanavyofanyika, si kwamba moja lazima limwite mwenzake. Na ukifika sura ya mipaka ambako mabamba hupita ubavu kwa ubavu, kama ule wa Kalifornia, tumia kusuguana: ndani ya neno hilo mwanafunzi anasikia msasa.